Dampa za Ghorofa ya Tatu

Tone la maji lilimwangukia mkaguzi Mabruka Shamsudin shingoni, naye akajua papo hapo kwamba kuna mtu anamdanganya. Mvua haikuwepo. Jua la mtaa wa Hurlingham lilikuwa linachoma mabati ya jiko la mafundi kule chini, na bomba la maji la karibu lilikuwa upande wa pili wa jengo. Alikuwa juu ya ngazi, kichwa chake kimepita fremu za dari ambazo bado hazijafunikwa, kwenye ghorofa ya tatu ya hospitali ya uzazi ambayo watu walishaanza kuitangaza redioni kabla haijapata hata milango.

Juu yake ilipita dakti, lile sanduku refu la bati linalopeleka hewa baridi wodini. Mitambo ilikuwa inafanyiwa majaribio, hewa inapita. Alipapasa pamba ya kioo iliyozungushiwa bati lile. Ilikuwa imelowa kama godoro la mtoto. Maungio ya foili iliyoifunika pamba hayakubandikwa tepu, na kila mahali dakti iliponing'inizwa, vyuma vilikuwa vimeibana pamba mpaka ikawa nyembamba kama chapati. Hewa ya joto ilikuwa inaingia kwenye mianya hiyo, inakutana na bati baridi, inageuka maji. Ukifunika dari juu ya uchafu huo, baada ya muda mfupi utaona madoa, kisha ukungu, kisha mama aliyejifungua jana analala chini ya ukungu.

"Madam, unatafuta nini huko juu? Mbingu?" Huyo alikuwa Wachira, msimamizi wa saiti wa mkandarasi mkuu, mtu wa helmeti nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

"Natafuta ukweli, Bwana Wachira. Mbingu nitaenda siku yangu."

"Ukweli uko kwa ofisi, na chai iko hapo pia. Shuka ikiwa moto."

Hakushuka. Alisogeza ngazi mpaka dakti inapotoboa ukuta wa wodi ya watoto wachanga, na hapo roho yake ikazidi kuwa nzito. Kila dakti inapovuka ukuta wa kuzuia moto huwekewa dampa: fremu ya chuma yenye pazia la mabamba yaliyokunjwa juu, yakishikiliwa na kipande kidogo cha madini kinachoyeyuka joto likizidi. Kikiyeyuka, springi inalishusha pazia na njia inazibwa, moto wa chumba kimoja usisafiri ndani ya dakti kwenda kutembelea chumba cha pili. Lakini ni sharti dampa ikae ndani ya unene wa ukuta wenyewe. Bati la dakti huanguka likiungua. Ukuta hubaki. Dampa iliyoning'inia nje ya ukuta itaanguka pamoja na bati, iache tundu wazi.

Hii ilikuwa inaning'inia nje, mbali na ukuta kwa kiasi cha shubiri nzima. Ile iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata hiyo. Mwanya uliobaki ukutani ulikuwa umejazwa povu la kopo, lile la manjano ambalo mafundi hulipulizia kwenye fremu za madirisha. Povu hilo huwaka. Tena hakuna dampa hata moja iliyokuwa na kidirisha ubavuni mwa dakti cha kumwezesha mtu kuingiza mkono na kuijaribu.

"Fundi wa dakti yuko wapi?" aliuliza alipofika chini.

"Kihara? Ako saiti ingine, upande wa Kangemi." Wachira alitabasamu. "Hawa watu wa mabati, ukiwahitaji ni kama kutafuta paka wa jirani."

Mabruka alilitia akilini tabasamu lile. Siku zote ilikuwa hivyo: akija, Kihara hayupo. Mtu asiye na cha kuficha, aliwaza, hafichi uso wake.

*

Ofisi ya washauri wa mitambo, anakofanya kazi Mabruka, iko katikati ya jiji, juu ya duka la simu, na mwenyewe ni Injinia Abdulfatah, mtu wa Mombasa aliyekua mtaa mmoja na babake Mabruka. Kwa sababu hiyo Mabruka humwita Ami, yaani baba mdogo, hata mbele ya wateja.

Mabruka aliiandika ripoti siku ile ile. Iliandikwa kwenda kwa mkandarasi mkuu, kwa maana ndivyo mikataba inavyotaka: mkaguzi hamwamrishi fundi wa mkandarasi mdogo. Anamwandikia mkubwa, mkubwa anampelekea mdogo, mdogo anarekebisha, mkaguzi anarudi kuona. Dari haifunikwi mpaka hapo. Kila kasoro aliiweka na mahali pake na picha yake, na mwisho akaeleza dawa: pamba iliyolowa itolewe yote, mpya ifungwe bila kubanwa na izibwe tepu kila kiungo, dampa ziingizwe ndani ya kuta na kuzibwa kwa vifaa vilivyojaribiwa kwa moto, vidirisha vikatwe, kila pazia liangushwe mbele yake. Kosa aliliandikia jina: uzembe wa mkandarasi mdogo wa mabati, ndiye Kihara.

Abdulfatah aliisoma akiwa amesimama.

"Neno 'hatari' umeliandika mara ngapi humu, mwanangu?"

"Unataka niliondoe, Ami?"

"Sijasema uliondoe. Nauliza tu."

"Watu hawaulizi tu."

"Hapo ni babako anayesema," alisema mzee, akatia saini yake chini ya ile ya Mabruka. Lakini Mabruka alishaona kwamba alisita. Alikuhifadhi kusita huko pale alipoliweka tabasamu la Wachira.

Babake alikuwa na duka la vitambaa na vifungo umbali mfupi kutoka pale. Kila mtu katika familia yao alijua kwa nini Mzee Shamsudin hapiti barabara moja ya nyuma ya soko bila kutaja majina. Zamani, Mabruka akiwa bado anafundishwa kusoma, stoo ya chini ya jengo moja la mtaa huo iliungua. Moto wenyewe haukupanda. Kilichopanda ni joto na moshi, kupitia matundu ya mabomba na hewa ambayo hakuna aliyeyaziba, mpaka kwa mafundi cherehani wa ghorofa ya juu kabisa. Walikutwa wameinamia vyerehani vyao, nguo zao hazina hata alama ya kuungua. Tume iliundwa. Katika mji huu tume huundwa kama mtu anavyofunika shimo kwa gazeti: mpita njia wa kesho ndiye atakayejua. Mwenye jengo alilipaka rangi, akapangisha upya, akaalikwa kukata utepe wa jengo lingine. Mzee Shamsudin hakusahau. Aliwataja mmoja mmoja, na nani alikuwa akimkopa uzi, na nani alikuwa na mchumba.

"Siku hizi wameweka vyuma vya kuzuia hayo," Mabruka alimwambia jioni ile, akimsaidia kufunga duka.

"Wameweka, au wamesema wameweka?"

Swali hilo ndilo kazi yake yote, kwa maneno manne.

*

Jibu la ripoti lilikuja upesi kupita kiasi. Kasoro zote zimerekebishwa, aliandika Wachira. Picha hizi hapa. Dari inaendelea kufunikwa. Tafadhali thibitisheni, maana mteja anakuja Jumamosi kulitembelea jengo.

Picha zilikuwa nzuri. Dampa zimekaa katikati ya ukuta kama pete kwenye kidole, pamba imekaza, tepu inang'aa. Mabruka aliziangalia asubuhi, akaziangalia tena baada ya chakula. Kitu kilimkereketa, na hakukijua mpaka alipoacha kuiangalia dampa akauangalia ukuta.

Ukuta wa picha ulikuwa wa bloku za saruji. Hospitali ya Hurlingham ilijengwa kwa mawe, yale ya kijivu yanayokatwa kwa mashine, na juu ya dari ukuta haupigwi plasta. Alikuwa ameuparuza kwa kiganja chake mwenyewe. Picha hizi zilikuwa za jengo la watu wengine.

"Kihara," alisema kwa sauti, peke yake. Alikuwa amempata mwizi wake.

Alimpigia simu. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito na haina adabu ya ziada.

"Nani?"

"Mabruka, mkaguzi wa mitambo, Hurlingham. Nataka tuonane."

"Sasa leo ndio unanijua? Niko Adams Arcade. Kuna hoteli ya chai nyuma ya stendi. Kama unakuja kunisomea makosa, kuja ukiwa umeshiba."

Alimkuta kwenye meza ya kona, mgongo ukutani, bwana mnene wa miaka hamsini hivi, mikono imejaa makovu ya bati. Hakumpa mkono. Mabruka aliweka picha mezani.

"Hizi umepiga wapi?"

Kihara alizitazama. "Mimi sijapiga picha yoyote. Hii ni kazi ya nani? Ni safi."

"Usinifanye mjinga. Ni majibu ya ripoti yangu."

"Ripoti gani?"

Mabruka alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Ripoti ya pamba iliyolowa. Ripoti ya dampa zako zinazoning'inia nje kama nguo kwenye kamba."

Kihara aliweka kikombe chini polepole. "Nisikize, madam. Mimi nimeambiwa na Wachira, kwa mdomo, mkaguzi amepitisha, watu wa jipsam waingie wafunike dari. Nikashangaa. Nikasema huyo mkaguzi ama ni kipofu ama amekula hongo. Ndio maana sikukupea mkono."

"Mimi nimekula?"

"Na wewe ukafikiri mimi ni mwizi. Tuko sawa."

Mabruka akatoa ripoti kwenye mkoba, akamsukumia. Kihara alisoma akifuata mistari kwa kidole, na alipofika kwenye neno uzembe akapumua kwa pua.

"Pamba ni yangu," alisema. "Vijana walifunga harakaharaka na mimi sikuwa hapo. Hiyo nimlaumu nani? Nitatoa yote. Kidirisha pia ni yangu. Lakini dampa, hapana. Dampa inaingia kwa tundu. Tundu ni la nani?"

Mabruka aliivuta ripoti upande wake. Matundu ya kuta hupigwa na mkandarasi mkuu. Hilo analijua kila mtu katika kazi hii, na yeye hakulifikiria.

"Waashi wake walipiga tundu la kutosha dakti peke yake," Kihara aliendelea. "Fremu ya dampa ni kubwa kuliko dakti, si unajua? Ikakataa kuingia. Nikamwambia Wachira, panua. Akasema juu kuna bimu ya zege, kando ni mawe, wiki nzima ya kuvunja na vumbi, na mteja anakuja. Akasema, 'Iweke hapo nje, ziba na foam, nani atapanda kuangalia?'"

"Na ukaiweka."

"Nikaiweka." Alimtazama machoni. "Madam, mkandarasi mdogo akibishana na mkubwa, kesho haitwi. Sijisifu. Nakuambia vile iko."

Nje ya hoteli wauza mitumba walikuwa wanapigiana kelele. Mabruka alijiona upya yuko juu ya ngazi ile, akiitazama dampa kwa hasira na kuupa ukuta kisogo. Alikuwa ameandika ripoti iliyomtaja mkosaji wa pili na kumpelekea mkosaji wa kwanza aitunze. Ni wazi Wachira aliikalia. Angeituma, Kihara angejibu kwa maandishi kuhusu matundu, na kosa la Wachira lingejulikana.

"Jumamosi utakuja na bisibisi?" aliuliza.

"Nitakuja na ngazi yangu," Kihara alisema. "Zake zitapotea asubuhi hiyo, utaona."

*

Zilikuwa zimepotea kweli.

Ghorofa ya tatu ilinukia rangi. Dari ilikuwa nyeupe kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, taa zimewashwa mchana, na mteja alikuwa amefika: Rachael, muuguzi mkuu ambaye ndiye angeiendesha hospitali, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembea. Wachira alikuwa akimwongoza kwa ile njia ambayo wasimamizi wote wa saiti wanaijua, njia ya wageni: lifti ya mashariki, chumba kilichokamilika, dirisha lenye mandhari, kisha chai.

Alipomwona Mabruka ametoka ngazini na Kihara nyuma yake, ngazi ya aluminiamu begani, tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka.

"Injinia! Karibu. Kihara, wewe leo si ulikuwa Kangemi?"

"Leo nimekuwa paka wa jirani," Kihara alisema. Watu wa mabati nao wana masikio.

"Nimekuja kuthibitisha," Mabruka alisema. "Kama mlivyoomba."

"Vizuri sana. Tumeacha hata kidirisha cha dari, ndio usipate shida." Wachira aliwapeleka mwisho wa ukumbi, penye kidirisha kimoja kilichokatwa kwa ustadi. Kihara alipanda, Mabruka akafuata. Pale dampa ilikuwa ndani ya ukuta, imezibwa sawasawa. Ukuta huo ulikuwa wa stoo ya shuka, ambao haukuwa hata na bimu juu.

"Hii ni safi," Mabruka alisema alipotelemka. "Sasa ile ya wodi ya watoto wachanga."

"Hapo dari imefungwa, madam. Imepigwa rangi jana."

"Ifunguliwe."

"Mbele ya mteja? Wacha kuniaibisha. Umeona moja, zote ni ndugu."

"Ndugu wengine huzaliwa nje, Bwana Wachira."

Rachael alikuwa amesimama, mikono kifuani. "Kuna shida gani hapa? Niambieni kwa lugha ya kawaida."

"Hakuna shida, mama. Ni mambo ya karatasi tu."

Mabruka alimgeukia Rachael. "Moto ukiwaka chumba cha mashine kule, kuna pazia la chuma linalotakiwa kuanguka ndani ya bomba la hewa, usifike kwa watoto. Nataka kukuonyesha likianguka. Yeye hataki."

"Kwa nini hutaki?" Rachael alimwuliza Wachira, kwa upole wa mtu aliyezoea kuwauliza waume wa wajawazito walikuwa wapi usiku.

Wachira alianza habari ya rangi, na ya jipsam, na ya dhamana. Kabla hajamaliza, Kihara alishapanda. Alisukuma ubao kwa kiganja. Ubao ulipasuka na vumbi jeupe likamwagikia helmeti isiyo na mkwaruzo. Na pamoja na vumbi, maji: matone ya kwanza, kisha mchirizi, kutoka kwenye pamba ile ile iliyolowa, kuukuu, haijaguswa.

Mabruka alipanda. Dampa ilikuwa palepale, nje ya ukuta kwa shubiri. Kihara alikata kidirisha ubavuni mwa dakti kwa mkasi wa bati, akaingiza mkono, akakichomoa kile kipande cha kuyeyuka ili pazia lijiangukie lenyewe.

Wote walisubiri mlio. Hakuna kilichotokea.

Povu lililokuwa limepulizwa kwa wingi kuziba mwanya lilikuwa limevimba likaingia kwenye fremu na kuyakamata mabamba kama gundi. Kihara alivuta kwa nguvu zake zote. Pazia lilishuka kidogo, likakwama mdomo wazi.

"Mama," Mabruka alisema kutoka juu, "hivyo ndivyo lingefanya siku yenyewe."

Rachael hakupiga kelele. Alitazama mlango wa wodi, akatazama tundu lile jeusi juu yake, akafunga mkoba wake. "Mimi silipokei jengo hili," alisema. "Na chai yako, Bwana Wachira, kunywa."

*

Jumatatu Mabruka aliandika ripoti ya pili. Ilikwenda kwa mkandarasi mkuu kama mkataba unavyotaka, ila safari hii nakala zilikwenda kwa Rachael na kwa Kihara, asije mtu akaikalia tena. Uzembe aliugawa kwa wenyewe: pamba na vidirisha kwa mkandarasi mdogo, matundu na povu kwa mkubwa, na picha za bloku alizibandika karibu na picha za mawe, bila maelezo.

Abdulfatah aliisoma akiwa ameketi.

"Ile ya kwanza nilikuuliza kuhusu neno 'hatari'. Ulilijaza kote. Neno 'tundu' hukuliandika hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia, Ami?"

"Sikujua. Niliona tu kuna kitu hakipo." Alitia saini. "Ulidhani nimekula?"

"Ndiyo."

"Vyema. Endelea kudhani."

Kuta zilivunjwa. Vumbi la mawe lilifunika magari ya Hurlingham, majirani wakalalamika, linta mpya zikawekwa juu ya matundu, na dampa zikaingia mahali pake kwa kukwaruza na kutukana. Ufunguzi ukaahirishwa. Wachira hakuhamishwa wala kukemewa, kwa maana watu wa aina yake huwa wanabaki. Alianza tu kumwita Mabruka "injinia wetu", naye akalichukia hilo kuliko madam.

Siku ya majaribio, Rachael alikuja na viatu vyake vya kutembea. Kihara alipita kutoka kidirisha hadi kidirisha akichomoa, na kila pazia likaanguka na mlio wake, kwaa! kwaa! mpaka mafundi wa rangi wakaacha brashi kusikiliza. Mabruka aligusa kila moja kwa mkono wake likiwa limefunga. Pamba ilikuwa kavu. Alimfikiria babake na majina yake, na kwa mara ya kwanza mchana ule mabega yake yalishuka.

"Sasa si utie saini?" Wachira alisema, akimpa kalamu. "Ghorofa ya tatu imeisha. Twende chai, injinia wetu. Leo kuna mandazi."

"Kuta za ghorofa ya nne, matundu yalipigwa na nani?"

Wachira alitazama kalamu iliyobaki mkononi mwake. "Ghorofa ya nne ni ofisi tu. Dari yake ilifungwa zamani."

Mabruka alimtazama Kihara. Kihara aliinama, akaiokota ngazi yake, akaielekeza juu.